Dirisha la mstatili na nusu duara: pitisheni kidole kwanza

Nimetoka kusahihisha tena lile swali la dirisha: mstatili chini, nusu duara juu, mzingo umeshapangwa, tafuta vipimo vitakavyoingiza mwanga mwingi zaidi. Makosa ni yale yale ya wenzenu waliotangulia. Wadogo zangu, kutafuta derivativu mnajua. Mnaangukia kwenye mistari miwili ya mwanzo, kabla kalkulasi yenyewe haijaanza.

1. Upana uiteni 2r, na kimo cha mstatili h. Ukiuita x, nusu duara inakudai πx/2 kwenye mzingo na πx²/8 kwenye eneo, na kwenye haraka ya mtihani utasahau kugawanya.

2. Mzingo ni ukingo wa nje tu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo alama zinapopotelea.

Kijana mmoja, mwenye akili na mwandiko safi, alipewa mzingo wa mita 10. Akachukua mzingo wa mstatili mzima, akaongeza tao la nusu duara, akaandika 4r + 2h + πr = 10. Kuanzia hapo hakuteleza hata mara moja. Akapata r = 0.90, h = 1.80, eneo mita za mraba 4.49, akalizungushia jibu mistari miwili. Iliniuma kumkata, kwa sababu kazi yote ya chini ilikuwa sahihi.

Nilimwita, nikamwambia aweke kidole kwenye kona ya chini ya mchoro wake na akizungushe dirisha: panda ubavuni, pita juu ya tao, shuka upande wa pili, rudi kwa chini. Nikamuuliza, ule mstari unaotenganisha mstatili na nusu duara umeupitia mara ngapi? Hakuupitia. Basi nikamwomba ajumlishe ukingo wa nje kwa vipimo vyake mwenyewe. Ikatoka mita 8.20. Mita 1.80 za fremu zilikuwa zimebaki bila kazi, na huo ndio urefu wa kipenyo alichokihesabu bila kukihitaji. Alitazama karatasi kwa muda, kisha akaomba kifutio.

Akaanza upya: 2r + 2h + πr = 10, kwa hiyo 2h = 10 − 2r − πr. Eneo ni 2rh + πr²/2, na ukiiondoa h unabaki na

A = 10r − 2r² − πr²/2

dA/dr = 10 − 4r − πr

Ikiwa sifuri, r = 10/(4 + π), yaani 1.40. Rudisha kwenye h, nayo inakuwa 1.40 vilevile. Eneo ni mita za mraba 7.00. Fremu ni ile ile ya mita 10, ila dirisha limetoka 4.49 likafika 7.00.

Ndiyo maana nikishika karatasi zenu naangalia kwanza h dhidi ya r. Zikilingana, mzingo uliandikwa vizuri, hata mzingo uwe mita ngapi. Ikiwa h ni mara mbili ya r, mstatili umegeuka mraba, nami najua kipenyo kimehesabiwa. Lakini someni swali: likisema kuna mwimo wa kulala pale katikati na umekatwa kutoka kwenye mbao hizo hizo, basi 4r ndiyo sahihi na mraba ndilo jibu.

3. Andikeni mipaka ya r. Kwa kuwa h haiwezi kuwa hasi, r haizidi 10/(2 + π), karibu 1.94, pale dirisha ni nusu duara tupu lenye eneo la 5.94, chini ya 7.00.

4. Mwanga si eneo kila mara. Swali likisema kioo cha juu kina rangi na kinapitisha nusu tu ya mwanga, wengi wenu hubaki na r = 1.40 kisha mkagawa eneo la juu kwa mbili mwishoni. Binti mmoja alinitetea njia hiyo kwa nguvu, nikampa nafasi aikamilishe. Alipata 5.46. Kisha tukaingiza nusu hiyo mapema, kabla ya derivativu:

L = 2rh + πr²/4 = 10r − 2r² − 3πr²/4

dL/dr = 10 − 4r − 3πr/2

Sasa r ni 1.15, h ni 2.05, na mwanga ni 5.74. Dirisha limekuwa jembamba na refu zaidi, kwa kuwa kila sentimita ya tao sasa inalipa kidogo kuliko sentimita ya ubavu. Kipimo cha kujihakikishia hapa si h = r tena; h igawanye kwa r, upate 1 + π/4, karibu 1.79.