Orodha ya bei kutoka India: laki ni ile ile, ila krori si milioni

Swali: "Wakuu, kikundi chetu huku Boma Ng'ombe tunatafuta mashine ya kukamua alizeti. Dalali katuletea orodha ya bei ya kiwanda cha India, imetafsiriwa Kiswahili. Ya tani 6 kwa siku imeandikwa shilingi 425,000, ya tani 20 shilingi milioni 12.5, na mtambo kamili wa tani 50 shilingi milioni 1.15. Karatasi ya Kiingereza inasema Rs. 4,25,000/-, Rs. 12,50,000/- na 1.15 Cr. Tushike ipi?"

Mkuu, shikeni ya Kiingereza, hiyo ya Kiswahili iwekeni pembeni. Mimi niko Arusha, Unga Limited, naagizia karakana mashine na vipuri kutoka Gujarati, na karatasi za aina hii ndizo ninazoshinda nazo mezani.

Anzeni na koma, maana ndiyo iliyomponza mtafsiri. Sisi tunakata tarakimu tatu tatu kutoka kulia. Wahindi wanakata tatu za kwanza, halafu kuanzia hapo wanakata mbili mbili. Kwa hiyo 85,000 kwao na kwetu inafanana, ila ikifika laki moja wao wanaandika 1,00,000, na milioni kumi wanaandika 1,00,00,000. Koma zao zinafuata maneno yao: baada ya elfu kuna laki, na baada ya laki mia moja kuna krori. Milioni wanaifahamu, lakini kwenye bei za nyumbani kwao hawana haja nayo.

Laki yao na yetu ni moja, 100,000, kwa sababu neno lenyewe limetoka huko. Ndiyo maana mstari wa kwanza tarakimu zake ziko sawa: 4,25,000 ni laki nne na elfu ishirini na tano. Krori ndiyo haina mwenzake kwetu. Ni laki mia moja, yaani milioni kumi.

Sasa mstari wa pili. Mtafsiri ameona 12,50,000, akadhani katikati kumeruka sifuri, akairekebisha iwe 12,500,000. Ukifuta koma zote unabaki na 1250000, tarakimu saba, yaani milioni moja na laki mbili na nusu. Ameizidisha mara kumi. Mstari wa tatu amekwenda upande wa pili: Cr ameigeuza milioni, kumbe 1.15 Cr ni milioni kumi na moja na laki tano. Hapo ameipunguza mara kumi. (Mweka hazina wenu naye asije akaisoma hiyo Cr kama ile ya kwenye taarifa ya benki, ya pesa iliyoingia. Na herufi L, mahali pengine wanaandika Lac, kwenye safu ya bei ni laki, kwenye safu ya tangi ni lita.)

Halafu kuna kosa la tatu, na kwa mfuko wenu ndilo baya kuliko yote: rupia zimeandikwa shilingi. Nadhani ile alama ya /- mwishoni imemkumbusha /= yetu. Kiwango cha kubadilisha mtakiangalia benki siku ya kulipa, lakini kwa hesabu ya kichwa tuseme rupia moja ni shilingi 30. Ina maana laki moja ya rupia ni milioni tatu za shilingi, na krori moja ni milioni mia tatu. Orodha yenu kwa kiwango hicho inakuwa hivi: mashine ya tani 6 ni shilingi 12,750,000. Ya tani 20 ni 37,500,000. Mtambo wa tani 50 ni 345,000,000.

Tazameni sasa mtego ulipo. Bei ya uongo ya mashine ya tani 20, milioni 12.5, inakaribiana sana na bei ya kweli ya ile ya tani 6. Mtu aliyewahi kuuliza bei za mashine ndogo ataiona ni bei ya kawaida tu. Ile ya 425,000 kila mtu ataitilia shaka, kwa hela hiyo hata mota nzuri ni shida. Mtambo wa milioni moja na kidogo nao utachekwa. Lakini milioni 12.5 inapita kikaoni bila swali, wanachama wanachanga, na siku ya kulipa ndipo mnagundua mnadaiwa mara tatu ya mlichochanga.

Namna ya kuikamata karatasi mbovu kabla haijafika kikaoni ni kugawanya bei kwa uwezo wa mashine. Kwenye orodha ya asili, laki 4.25 kwa tani 6 ni kama elfu sabini na moja za rupia kwa kila tani. Laki 12.5 kwa tani 20 ni elfu sitini na mbili na nusu. Inashuka kidogo mashine ikikua, na ndivyo inavyotakiwa. Mtambo kamili unaruka hadi laki 2.3 kwa tani, lakini huo kwa kawaida unakuja na boila, vichujio na vipandishio, kwa hiyo ongezeko lina sababu. Mkifanya hivyo kwenye tafsiri yenu, mtambo wa tani 50 unatoka rahisi kuliko mashine ya tani 20. Bei ya namna hiyo haipo.

Kama mnaingiza orodha kwenye kompyuta, msiiamini koma hata moja. Futeni Rs. na /- kwanza, halafu kwa kila seli:

```
=SUBSTITUTE(A2,",","")*1
```

Inatoa koma zote na kurudisha namba tupu, ambayo mnaweza kuipanga tatu tatu kwa mtindo wetu. Zile zilizoandikwa Cr au L fomula hii haiziwezi, itatoa kosa la #VALUE!. Hizo zidisheni kwa mkono, Cr kwa 10,000,000 na L kwa 100,000. Safu ya rupia ibaki rupia, ya shilingi iwe pembeni yake, na juu yake andikeni kiwango mlichotumia na tarehe.

Orodha yenye laki na krori mara nyingi imeandikwa kwa ajili ya wanunuzi wa ndani ya India. Muombeni muuzaji proforma ya mteja wa nje, kwa dola, ikitaja bandari ya kupakilia. Hapo krori inaondoka yenyewe, na mtajua kama usafiri umo au haumo.

Mkiongea naye kwa simu, hasa kama dalali anapatana naye kwa Kihindi, kuna neno moja la kuliogopa. Robo wao wanaitaja mbele ya namba: laki moja na robo, yaani 125,000, kwao ni "sava lakh", na masikioni mwetu inaingia kama "sawa, laki". Nimesikia watu wakiitikia "sawa" kwa furaha, wakidhani wameshapunguziwa hadi laki moja. Laki moja na nusu ni "dedh lakh", mbili na nusu ni "dhai lakh", na hizo angalau zinamlazimisha mtu kuuliza. Bei yoyote mliyokubaliana kwa mdomo aitume kwa ujumbe, kwa tarakimu zisizo na koma.