Pikapu kukwama Uru: difu haijafa

"Wakuu, pikapu yangu, siyo fowili, ilikwama Uru kwenye kilima, si mnajua masika. Tairi moja la nyuma linazunguka kwenye tope, la pili liko kwenye changarawe limetulia tu. Fundi anasema difu imekufa. Na ile ya kuvuta handibreki inasaidia?"

Mkuu, usinunue difu bado. Hivyo ndivyo difu ya kawaida, ule mkusanyiko wa gia katikati ya ekseli ya nyuma, inavyofanya ikiwa nzima kabisa.

Krauni, ile gia kubwa inayopokea mzunguko wa injini, inazungusha kasha, na ndani ya kasha kuna gia ndogo za spaida zilizoshika gia za pembeni, kushoto na kulia. Mwendo unaweza kugawanyika vyovyote: kasha likizunguka mara 300 kwa dakika, kwenye kona tairi la nje litakwenda 310 na la ndani 290. Ukikwama, moja linakwenda 600 na jingine sifuri. Jumla ni 600 daima.

Nguvu ya kuzungusha ni habari nyingine. Spaida inasukuma pande zote mbili sawasawa, kama mti wa mizani. Upande mmoja ukilegea, haina pa kujiegemeza ili isukume ule mwingine. Tuseme tope linalipatia tairi ukinzani wa nyutonimita 150 tu. Basi na la changarawe linapata 150, hata ukanyage mafuta mpaka injini ilie. Kwa tairi lenye nusu kipenyo cha mita 0.35, yote mawili yanasukuma gari kwa nyutoni 860 hivi. Pikapu ya kilo 1,600 kwenye mwinuko wa asilimia 10 inahitaji karibu 1,570. Haitoki.

Handibreki wengi wanaisifia, lakini piga hesabu. Ikiongeza ukinzani wa 400 upande wa tope, spaida inapeleka 550 kila upande. Sawa, ila handibreki hiyohiyo imeshika na tairi la changarawe, inakula 400 yake. Inabaki 150 ileile. Ikisaidia, mara nyingi ni kwa sababu kebo inavuta zaidi upande unaozunguka. Trekta ndiyo inayofaidi, kwa kuwa ina pedali ya breki kwa kila tairi la nyuma.

Kinachofaa ni kulipatia tairi la topeni kitu cha kushika. Weka mawe au matawi, ukinzani ufike 400, na la pili linapata 400 papo hapo. Sasa unasukuma kwa nyutoni 2,290 hivi. Usilizungushe tairi kwa muda mrefu, maana spaida inazunguka kasi sana juu ya pini yake, na hapo ndipo difu nzima inapokufa kweli.

Kuhusu fundi wako: kama gari lilirudi nyumbani lenyewe, hafushafti, zile shafti mbili za kutoka difu hadi matairi, hazijakatika. Ukitaka uhakika, weka kabari matairi ya mbele, inua ekseli ya nyuma juu ya stendi, zima injini, acha gia ya kwanza, achia handibreki. Zungusha tairi moja kwa mkono. Likizunguka na la pili likageuka kinyume kwa kiasi kilekile, spaida ni nzima. La pili likibaki limesimama, au ukasikia meno yakiruka, hapo mwambie afungue.