Kabla ya kuomba takisi ya kazi moja, soma kwanza redevansi ya madini

Barabara ikiharibika hapa Lubumbashi, au mtaro ukiziba na maji yakaingia kwa watu, lazima mtu mmoja ataandika kwenye grupu ya Watsap: leta iweke takisi ndogo, franga kidogo tu, lakini hiyo feza iende kwa barabara na isiguswe kwa kitu kingine. Wote wanakubali. Naelewa sababu, maana nimefanya kazi miaka mingi kwenye servisi ya bajeti ya ofisi moja ya leta, na sasa nasaidia vyama vya mitaa kusoma makaratasi ya bajeti, na najua vile feza inaweza kuingia kwenye kesi kubwa ya leta, ile sanduku moja ya feza zote, na watu wasione tena imepitia wapi. Lakini swali moja nasikia kila siku: kama wazo ni zuri hivi, kwa nini watu wa finansi wanalikataa karibu kila nchi? Wengi wanajibu ni ju wanataka kula. Kuna pahali ni kweli. Ila kuna sababu zingine, na sisi wa Katanga tuko na mfano mbele ya macho yetu.

Mfano ni redevansi ya madini. Kode ya madini ya 2018 inasema kampuni ikiuza shaba inalipa 3,5% ya bei ya mauzo yote, bila kutoa gharama, na kwa kobalti, ambayo tangu mwisho wa 2018 inahesabiwa kama madini ya stratejia, inalipa 10%. Hiyo feza inakatwa vipande vinne: 50% serikali kuu, 25% provensi, 15% komine au sheferi yenye mgodi uko ndani yake, na 10% mfuko wa madini kwa vizazi vijavyo, wanaouita FOMIN.

Tufanye hesabu. Tuseme kampuni moja imeuza shaba ya dola milioni 100 na kobalti ya dola milioni 20 kwa mwaka. Redevansi ya shaba ni milioni 3,5, ya kobalti ni milioni 2, jumla milioni 5 na nusu. Komine yake inapata 15% ya hiyo, ni dola 825.000. Kwa komine yenye ilikuwa inaishi na takisi za soko na vyeti, hiyo ni feza nyingi sana. Sasa angalia ndani ya hiyo 825.000: dola 300.000 zinatoka kwa kobalti peke yake.

Februari 2025 serikali ikasimamisha kobalti isitoke nchini, ju bei ilikuwa imeanguka sana, na haikufungua tena mpaka Oktoba, tena kwa kota. Redevansi inalipwa wakati madini yanatoka kwenda kuuzwa, kwa hiyo mizigo ikilala kwenye depo, sehemu ya komine nayo inalala. Watoto wa shule hawakupungua mwaka ule, wala mashimo ya barabara. Lakini yule burgumestre aliyesaini kontra ya madarasa sita akihesabu ile 300.000 atafanya nini? Fundi ataacha kazi kwenye linta na kusubiri, na ukipita miezi inayofuata utaona majani yameota ndani ya ukuta.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya watu wa finansi, na naiona ni nzito kuliko zote: feza iliyofungwa inafuata pahali inatoka, haifuati pahali kuna shida. Bei ya kobalti ikipanda, sheferi moja inajaa feza kuliko inavyoweza kutumia vizuri, na sheferi jirani yenye watu wengi lakini haina mgodi inabaki na sifuri, na ministri hana ruhusa ya kusogeza hata dola moja kutoka huku kwenda kule. Kwenye kesi moja ya wote angeweza. Sisemi angefanya, nasema angeweza.

Sababu ya pili niliiona kwa macho yangu kwenye kijiji kimoja upande wa barabara ya Likasi. Walijenga posti ya afya na feza ya redevansi, kazi safi, bati jipya, mlango wa chuma, vitanda vitano bado viko na plastiki yake. Nikauliza infirmiye iko wapi. Mama mmoja aliyekuwa anaanika mihogo pale pale kwenye baraza ya posti akanijibu: «Papa, nyumba walituletea, mutu wa kufanya ndani hawakumuleta.» Na haikuwa wizi. Tangu kode ya 2002, sehemu ya redevansi inayoenda chini ya provensi iliwekwa kwa miundombinu ya msingi, yaani kujenga. Mshahara wa infirmiye si jengo. Dawa si jengo. Kwa hiyo mwaka unaofuata, feza ikiingia tena, wanajenga posti nyingine. Ukifunga takisi kwa kazi moja, umefunga pia maana ya hiyo kazi, na yule aliyeandika maneno miaka kumi nyuma hakujua shida yako ya leo itakuwa mtu wa kushika sindano.

Tena kuna mambo ya kesi yenyewe, hayo watu wa nje hawayaoni kabisa. Mwisho wa mwezi Trezori inatafuta feza ya mishahara, haina, inaenda kukopa kwa kuuza bon di Trezori na kulipa riba. Siku ile ile mifuko ya kazi moja iko na feza imelala kwenye banki, haiguswi. Leta inakopa huku iko na feza! Ukiwa na mfuko mmoja unavumilia. Ukiwa na mifuko ishirini, bajeti inabaki jina tu, ju kila kitu kimeshagawanywa kabla ya bunge kukaa. Gana walifika hapo: walifunga feza kwa elimu, kwa afya, kwa barabara, kwa wilaya, mpaka 2017 wakapiga sheria kwamba mifuko yote pamoja isipite 25% ya kodi za nchi. Na sheria ile ilipunguza hata feza ya bima ya afya, ambayo wananchi walikuwa wanalipa wakiamini inaenda kwa afya yote, basi fikiria hasira yao.

Sasa nisikilizeni vizuri, sisemi wizara ina haki kila pahali. Chini ya kode ya 2002 redevansi ilikuwa inapita kwanza Trezori, halafu 25% irudishwe kwa provensi na 15% kwa mji au teritware yenye mgodi. Kwenye karatasi. Kurudisha kwenyewe kulikuwa kwa shida, kwa vipande, kwa kuchelewa, na pahali pengi hakukufika kitu. Ndiyo maana 2018 wakabadilisha, kampuni ilipe moja kwa moja kwenye kesi ya komine, na feza ikaanza kuonekana kweli. Mtu akija kunifundisha kwamba kesi moja ya wote ni bora daima, namuonyesha hiyo miaka. Konstitisio yetu, kifungu 175, inasema provensi zibaki na 40% ya mapato ya taifa papo hapo yanapokusanywa, na mpaka leo provensi zinasubiri retrosesio, yaani Kinshasa iwarudishie sehemu yao. Watu wanapenda kufunga feza ju hawaamini anayeishika, na kukosa imani huko kuko na msingi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa chama chenye kinataka kuomba takisi ya kazi moja. Kwanza angalieni kama anayelipa ndiye anayetumia, na kama feza inakua pamoja na shida. Takisi ya mafuta kwa kutunza barabara inafaa hapo, ndiyo wazo la FONER, mfuko uliowekwa na sheria ya 2008: kamio inayotembea sana inanunua mazutu mengi, inaharibu barabara sana, inalipa sana. Takisi kwenye yuniti za simu ili kujenga soko haifai, ju simu na soko havina ujamaa wowote. Na hata kwa mafuta, msiandike «franga kadhaa kwa litri» halafu mkalala. Amerika wameacha takisi yao ya petroli kwenye senti 18,4 kwa galoni tangu 1993, bei ya kila kitu imepanda, na tangu 2008 mfuko wao wa barabara unaongezewa feza kutoka kesi ya kawaida, yaani ile kesi waliyotaka kuikimbia.

Pili, na hapa ndipo vyama vingi vinadanganywa, ombeni bajeti ya mwaka uliopita kabla takisi haijaanza. Tuseme komine ilikuwa inatumia dola 40.000 kwa usafi, kutoka kesi yake ya kawaida. Mnaweka takisi ya usafi, inaleta 40.000. Mnatazama mwaka unaofuata: laini ya usafi kwenye bajeti imekuwa sifuri, na zile 40.000 za zamani zimeenda kwa mafuta ya magari na misheni. Takisi yote imetumika kwa usafi, hakuna senti imeibiwa, hakuna mtu atashitakiwa, na takataka ni ile ile. Mtajua tu kama mko na karatasi ya zamani mkononi. Kwa hiyo kwenye barua yenu ya kuomba takisi andikeni wazi kwamba feza ya takisi inaongezeka juu ya ile ya kawaida, mtaje laini yenyewe na franga zake za mwaka jana.

Tatu, msifunge kazi kwa neno moja. Wekeni kujenga na kutunza pamoja, na ruhusa ya kulipa mtu wa kufanya ndani, hata kama ni sehemu ndogo. Na wekeni tarehe ya mwisho, miaka mitatu au mitano, takisi ife yenyewe kama konseyi haikuipigia kura tena. Watu wa bajeti wakiona hiyo tarehe wanalegea sana, nimeshaona, ju wanachoogopa zaidi ni mfuko wenye hauwezi kufa.

Halafu ombeni releve ya banki kila miezi mitatu, ibandikwe kwenye ukuta wa komine pahali watu wanapita, siyo ndani ya biro. Kwa redevansi mnaweza kufanya zaidi: ulizeni kampuni imelipa ngapi, maana kampuni kubwa zinatoa hizo namba kwenye ripoti za ITIE, ule mpango wa kuonyesha wazi feza ya madini, halafu mlinganishe na ile komine inasema ilipokea. Zikipishana, andikeni barua kwa komine, kopi kwa provensi, na muombe akize di resepsio siku hiyo hiyo, msitoke pale bila muhuri.