Nguzo mara nne, ongezeko asilimia 7

"Nimepiga picha chati ya chama chetu hapa Umoja. Nguzo ya mwaka huu ni ndefu mara nne ya ile ya mwaka jana. Kweli akiba imepanda hivyo?"

Hapana, dada. Tazama namba ya chini kabisa kwenye mhimili wa wima: ni 80, si 0. Nguzo ya shilingi elfu 82 imebakiwa na vipimo 2, ya elfu 88 ina 8; mara nne imetoka hapo. Ongezeko halisi ni elfu 6 juu ya elfu 82, yaani kama asilimia 7. Si haba.

Picha umeipiga kwa upande, kwa hiyo rula itakudanganya. Fuata mistari ya gridi hadi kwenye namba. Kwenye kumbukumbu za mkutano andikeni: akiba ilitoka 82,000 ikafika 88,000.