Lita zimepungua, kilo ziko palepale: kupata tungamo la mafuta kwenye chemba ya lori

Chemba ya tatu ilikuwa imepungua lita 63. Dereva alikuwa mtu mzima, lori lake amelifikisha Makambako alfajiri ya mwezi wa Julai, na sili zote zilikuwa nzima. Dar es Salaam dipstiki ilisoma lita 7,012 kwenye chemba hiyo. Kwetu ilisoma 6,949. Chemba nyingine nne zilionyesha upungufu wa kiasi hichohicho, na jumla ya zote tano ikapita lita 300. Mimi ndiye niliyekuwa mpokeaji wa mzigo, nikaandika upungufu kwenye hati. Mwenye lori akamkata mzee yule mshahara.

Nilijua mafuta husinyaa yakipoa, kama anavyojua kila mtu wa kazi hii. Kwa sababu hiyo sikuishia kwenye lita, nilipiga hesabu ya kilo nikiamini kwamba kilo hazidanganyi. Nilichukua densiti iliyoandikwa kwenye hati ya depo, 837.0 kwa nyuzi 20, nikazidisha kwa lita zao, kisha nikazidisha kwa lita zangu. Kwao nikapata kilo 5,869, kwangu kilo 5,816. Kilo 53 hazikuwepo. Nikaona nimethibitisha wizi, kumbe nilikuwa nimezidisha namba mbili zisizohusiana. Iliniuma nilipogundua, na ndiyo maana naeleza hesabu hii polepole, ili wewe unayepokea au kupakia mafuta usije ukamfanyia mtu hivyo.

Densiti ya 837.0 maana yake ni kwamba lita moja ya dizeli ile, ikiwa na joto la nyuzi 20, ina gramu 837. Ndani ya chemba kule Dar mafuta hayakuwa na nyuzi 20. Yalikuwa na 34.5. Kwa joto hilo dizeli imetanuka, kwa hiyo lita moja inabeba gramu pungufu. Ukizidisha lita za joto la 34.5 kwa gramu za joto la 20, unapata kilo za mafuta ambayo hayapo mahali popote. Kanuni yenyewe ni fupi:

```
kilo = lita × densiti ÷ 1000
```

Sharti lake ni moja tu: lita na densiti ziwe za joto lilelile, yaani joto la mafuta yalivyo ndani ya chemba wakati unapiga dipu.

Ugumu ni kwamba densiti hatuipimi ndani ya chemba. Tunachota sampuli, tunaishusha chini, tunaimimina kwenye silinda na kutumbukiza haidromita. Mpaka hapo sampuli imeshapoa au imeshapata jua, na joto lake si lile la chemba. Kwa hiyo una joto mbili, la chemba na la silinda, na zote mbili lazima ziandikwe. Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika, kwa sababu hati nyingi zina nafasi ya joto moja tu na mtu huandika lile alilolikumbuka.

Turudi kwenye chemba ya tatu, tuanze na Dar. Baadaye nilipata karatasi ya vipimo vyao. Sampuli ilisomwa ofisini, kwenye kivuli: haidromita ilionyesha 832.0, kipimajoto ndani ya silinda kikaonyesha 27. Chemba yenyewe ilikuwa 34.5. Tofauti ni nyuzi 7.5. Dizeli ya aina hii hupoteza takriban gramu 0.71 kwa kila lita joto linapopanda nyuzi moja. Basi tunaitoa sampuli kwenye joto la silinda na kuipeleka kwenye joto la chemba:

```
832.0 − (7.5 × 0.71) = 826.7
7,012 × 826.7 ÷ 1000 = 5,797 kilo
```

Sasa Makambako. Chemba ilikuwa 24.5, maana usiku wa huko ni wa baridi kali na tanki la lori halina blanketi. Sampuli yangu ilisoma 834.5 kwa nyuzi 23.5. Chemba ina joto zaidi kwa nyuzi moja, kwa hiyo natoa gramu 0.71 na kubaki na 833.8. Lita 6,949 mara 833.8, gawanya kwa 1000, ni kilo 5,794.

Kilo 5,797 zilipakiwa, kilo 5,794 zikashushwa. Kilo tatu zilizobaki ni chini ya kosa la milimita moja kwenye dipstiki, kwa sababu katikati ya chemba kama hii milimita moja ni karibu lita tano. Mzee yule hakuchukua kitu. Nilipeleka hesabu hii kwa mwenye lori nikiwa nimeandika kila hatua kwa mkono, na makato yakarudishwa mwezi uliofuata. Hiyo karatasi ninayo bado.

Angalia pia kitu ambacho vipimo hivi vinakupa bila kazi ya ziada. Chukua sampuli ya Dar, 832.0 kwa nyuzi 27, uishushe hadi nyuzi 20: unaongeza 7 mara 0.71, unapata 837.0, ileile ya kwenye hati. Fanya hivyo kwa sampuli yangu, nyuzi 3.5 mara 0.71, na inakuja 837.0. Maana yake mafuta yaliyofika ni yaleyale yaliyopakiwa. Kama ingekuja 833, ningesimamisha kushusha, kwa kuwa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hushuka densiti. Hiyo ndiyo kazi halali ya densiti ya nyuzi 20: kulinganisha mafuta na mafuta. Kuizidisha moja kwa moja kwa lita za dipstiki si kazi yake.

Kuhusu namba 0.71. Inafaa kwa dizeli yenye densiti ya 840 hivi kwa nyuzi 15, katika joto letu la kawaida. Petroli hupoteza zaidi, karibu gramu 0.9 kwa lita kwa kila nyuzi, na mafuta ya taa karibu 0.74. Kwa hesabu rasmi ya malipo tumia majedwali ya vipimo vya mafuta: 53B na 54B kama makubaliano yenu ni ya nyuzi 15, au 59B na 60B kama ni ya nyuzi 20. Kiini chake kwa dizeli kama hii ni hiki, D15 ikiwa densiti ya nyuzi 15, T ikiwa joto la chemba na DT densiti ya joto hilo:

```
a = 186.9696/D15² + 0.4862/D15
d = T − 15
DT = D15 × exp(−a·d·(1 + 0.8·a·d))
```

Niliipitisha chemba ya Dar kwenye kanuni hii: D15 ikatoka 840.5, densiti ya nyuzi 34.5 ikatoka 826.65, na tungamo kilo 5,796.5. Hesabu ya mkono ilikosea chini ya kilo moja. Ndiyo maana sioni aibu kutumia 0.71 juu ya tanki, mradi pengo kati ya joto mbili lisiwe kubwa. Ukiona umefika kusahihisha nyuzi 15 au 20, fungua jedwali.

Ila usahihi wote huo hauna maana kama vipimo vyenyewe vimechukuliwa kwa haraka. Kwenye chemba ya lita 7,000, kosa la nyuzi moja ya joto ni kilo tano. Kosa la gramu moja kwenye haidromita ni kilo saba. Kwa hiyo haidromita ndiyo inayostahili subira yako kubwa. Weka silinda mahali pasipo upepo wala jua, izungushe kidogo haidromita ili isigande kwenye ukuta wa kioo, ngoja mapovu yaishe, kisha shusha jicho hadi usawa wa uso wa mafuta na usome hapo uso unapoikata shingo. Usisome ile kingo inayopanda juu kwenye kioo. Soma joto la silinda kabla na baada. Kama limebadilika kwa zaidi ya nusu nyuzi, sampuli haijatulia, rudia.

Joto la chemba lichukuliwe katikati ya kina cha mafuta, kwa kipimajoto chenye kikombe kinachopanda kimejaa mafuta. Kiache humo dakika kadhaa. Ukikitoa kikiwa kitupu, upepo unakipoza kabla hujasoma, na utaandika joto la hewa ukidhani ni la dizeli. Kamba iwe ya pamba, si ya nailoni, na baada ya kupakia ngoja kidogo kabla ya kutumbukiza chochote, umeme tuli uishe. Kabla ya dipu, hakikisha dipstiki ni ya lori hilo na ya chemba hiyo, lori limesimama pasipo mteremko, na upime maji ya chini kwa dawa yake. Maji yakiwepo, toa ujazo wake kwanza, maana hesabu yako ni ya mafuta.

Pima kila chemba kivyake. Chemba iliyojazwa kwanza na iliyojazwa mwisho zinaweza kupishana nyuzi mbili tatu, na ukichukua joto la chemba moja ukaitumia kwa zote tano, kosa linajirudia mara nne.

Jambo la mwisho ni mizani. Tungamo ulilopata kwa hesabu hii halitalingana kabisa na mizani ya barabarani hata vipimo vikiwa safi. Hewa huyainua mafuta kidogo, kiasi cha gramu 1.1 kwa lita, kwa hiyo chemba yetu ya kilo 5,797 hewani inapimwa karibu kilo nane pungufu. Kwa lori zima ni kilo 38 hivi. Ukitaka kulinganisha, toa 1.1 kwenye densiti ya joto la chemba kabla ya kuzidisha. Mizani tuliyokuwa tunatumia ilisoma kwa kuruka kilo 20, basi nilikuwa naitumia kukamata kosa kubwa, kama chemba iliyosahaulika au tarakimu iliyogeuzwa, si kumhukumu dereva kwa lita 60.

Kwenye daftari langu kila chemba sasa ina safu tano: lita za dipu, joto la chemba, densiti ya haidromita, joto la silinda, na densiti iliyosahihishwa. Safu ya kilo inakuja baada ya hizo, na siijazi kama mojawapo ya joto mbili haipo.