Maswali na majibu: Saa za injini, spea na bei ya mashine iliyotumika

Swali: Nimetumiwa picha ya trekta ndogo, rangi bado inang'aa. Bei yake ni halali?

Picha haina saa, haina moshi wala haina namba ya injini, kwa hiyo haiwezi kupangiwa bei. Maswali ya namna hii yamezidi, na jibu langu halibadiliki: leta saa zilizosomwa kwenye mita, namba ya injini, na bei ya mashine hiyo hiyo ikiwa mpya. Ukiona rangi mpya imepita hadi juu ya boliti, mipira na mabomba ya haidroliki, kagua kwa makini zaidi, kwa sababu rangi hiyo hufunika oili inayovuja na mahali palipochomelewa.

Swali: Trekta ya nguvu ya farasi 25, mita inasoma saa 1,850. Muuzaji anataka asilimia 60 ya bei ya mpya. Nimpe?

Usimpe kabla ya kuandika hesabu mbili: ya saa zilizobaki na ya spea zinazodaiwa sasa. Mimi huchukua bei ya mpya kuwa 100. Mashine ikishatoka dukani na kufanya kazi kidogo naihesabu kuwa 80, na mashine iliyochoka kabisa, yenye gia na fremu nzima, naiachia 20. Zilizo katikati, yaani 60, nazigawa kwa saa ambazo injini ya trekta ndogo ya dizeli inaweza kutarajiwa kufanya kabla ya kufunguliwa yote. Trekta zilizotunzwa vizuri huvuka saa 5,000, lakini mnunuzi asiyejua historia ya mashine asihesabu zaidi ya hapo.

Saa 1,850 ni asilimia 37 ya saa 5,000, na asilimia 37 ya 60 ni takriban 22. Ukitoa 22 kwenye 80 unabaki na 58, na ndiyo maana bei ya muuzaji inaonekana ya haki kwa mtu anayeishia hapo. Sasa kagua vinavyohitaji kubadilishwa kabla ya msimu. Tuseme tairi mbili za nyuma zimekwisha meno na jozi yake dukani ni 6 katika 100, klachi inateleza na kuibadilisha pamoja na ufundi ni 5, na betri ni 1. Jumla ni 12, na bei inashuka hadi 46. Toa kile tu kinachopaswa kubadilishwa sasa. Tairi iliyochakaa nusu imekwisha kuhesabiwa ndani ya saa, na ukiitoa tena unamdhulumu muuzaji.

Hata hiyo 46 inasimama iwapo mita inasema kweli, jambo linalotupeleka kwenye swali linalofuata.

Swali: Nitajuaje kama mita imechezewa?

Kwanza elewa inavyohesabu. Mita ya zamani inayoendeshwa na injini huhesabu mizunguko, kwa hiyo saa yake moja hulingana na saa ya ukutani pale tu injini inapozunguka kwa kasi iliyopangwa na kiwanda. Ikinguruma taratibu, mita huenda polepole. Baadhi ya mita za umeme huhesabu muda wote ambao swichi imewashwa. Trekta mbili zenye namba moja kwenye mita zinaweza kuwa zimefanya kazi tofauti sana, hata kama hakuna aliyezigusa.

Kisha soma chuma. Tundu la pini ya kuvutia zana likiwa limerefuka badala ya kuwa duara, meno ya shafti ya nyuma inayozungusha zana yakiwa yamechongoka, na mpira wa pedali ya klachi ukiwa umelika hadi chuma, mashine hiyo imefanya kazi nyingi. Angalia pia ubavu wa tairi: kwenye tairi nyingi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivyo 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi ambazo ni changa kuliko trekta kwa miaka kadhaa, huku mita ikidai saa 900, zinataka maelezo.

Ukiona dalili hizo kwenye trekta ya swali lililotangulia, weka saa 3,000 badala ya 1,850. Punguzo la saa linakuwa 36, bei kabla ya spea 44, na baada ya spea 32. Tundu moja lililorefuka limeondoa 14 katika 100, na muuzaji aonyeshwe tundu hilo kabla hamjazungumzia fedha.

Swali: Hataki niiwashe mpaka nitoe arubuni.

Ondoka.

Swali: Pampu ya petroli ya inchi 2 haina mita. Saa zake nitazipataje?

Zitafute kwenye mafuta. Injini ya farasi 5 au 6 ikifanya kazi kwa nguvu hunywa kati ya lita 1 na 1.5 kwa saa. Muuzaji akisema alikuwa akiweka lita 4 kwa siku, hizo ni kama saa 3. Kwa siku 100 za umwagiliaji kwa mwaka na miaka mitatu, pampu imefanya saa 900. Injini nzuri ya ukubwa huo, iliyobadilishwa oili kwa wakati, hufika saa 1,000 hadi 2,000 kabla ya kudai ringi, na za bei ya chini mara nyingi huchoka mapema zaidi. Kwa hiyo pampu hiyo ya saa 900 inauzwa kama mashine iliyo karibu na matengenezo makubwa, hata ikivutwa kamba mara moja na kuwaka.

Ifikie ikiwa ya baridi. Gusa ekzosi kabla ya kuwasha. Ikiwa ya moto, kuna mtu ameiwasha kabla hujafika. Moshi wa buluu usiokwisha ni oili inayoungua. Kisha jaza pipa la lita 200 ukitazama saa, maji yakiwa karibu na mipira mifupi. Pampu ya lita 500 hadi 600 kwa dakika hulijaza kwa sekunde 20 hadi 24. Ikichukua 40, kwanza kaza viungo vya mpira wa kunyonya, maana huenda hewa inaingia. Ikibaki vile vile, impela na nyumba yake vimelika. Mwisho angalia kati ya pampu na injini. Sili inayodondosha maji ni spea rahisi, lakini maji yaliyoachwa yakidondoka huweza kupenya hadi kwenye injini. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia, na bei ya kuzungumzwa ni ya pampu isiyo na injini.

Swali: Muuzaji anasema spea zinapatikana kila duka. Nimwamini?

Nenda dukani na namba ya injini, kabla ya kulipa, uulize bei ya vitu vitatu: seti ya ringi, sahani ya klachi na nozeli. Viwe mkononi mwa mwenye duka. Neno "tutaagiza" maana yake trekta itasimama shambani wakati wa kulima, na kwa hilo mimi hupunguza 15 nyingine. Visipopatikana kabisa, nunua kwa bei ya chuma na tairi tu. Jihadhari na trekta zilizotengenezwa kwa soko la nchi nyingine: huweza kufanana kwa sura na zinazouzwa kwenu, huku namba za spea zikiwa tofauti.

Swali: Injini imefanyiwa ovaholi karibuni. Nihesabu saa kuanzia sifuri?

Hapana. Ovaholi haigusi gia, haidroliki wala mara nyingi pampu ya dizeli, ambayo ni spea ghali. Muuzaji akileta risiti za ringi, bearingi na gasketi, mimi hurudisha nusu ya kilichotolewa kwa ajili ya saa, si zaidi. Muulize pia kama krankshafti ilichongwa, na bearingi zilizowekwa ni za kipimo gani. Zikiwa za milimita 0.25, kwa kawaida ipo nafasi ya kuchonga tena. Zikiwa zimefika kipimo cha mwisho kilichoruhusiwa na kiwanda, ovaholi ijayo itadai krankshafti mpya, na gharama hiyo iingie kwenye mazungumzo ya leo. Asiye na risiti hesabu yake inabaki ya saa zote.