Barafu hadi mvuke: usiruke sehemu bapa za grafu

Swali linaloangusha wengi wanaoanza somo la joto ni hili: nusu kilo ya barafu yenye halijoto ya nyuzi 20 chini ya sifuri inapashwa moto mpaka iwe mvuke wa nyuzi 120. Joto lote linalohitajika ni kiasi gani? Nilipolijibu kwa mara ya kwanza nilichukua tofauti ya halijoto, nyuzi 140, nikaizidisha kwa uzito na kwa 4,200, yaani jouli ambazo kilo moja ya maji huhitaji kupanda nyuzi moja, nikapata jouli 294,000. Jibu sahihi linazidi jouli milioni moja na nusu. Hesabu yangu ya kuzidisha haikuwa na kosa lolote. Kosa ni kwamba sikuichora grafu kwanza, na sehemu kubwa ya joto ikapotea bila mimi kujua.

Kwa hiyo kabla ya kugusa fomula yoyote, chora. Mhimili wa wima ni halijoto, mhimili wa ulalo ni muda au joto lililoingia. Kama hita ina nguvu isiyobadilika, muda na joto vinakwenda sambamba, na ndiyo maana nitachukua hita ya wati 1,000: kila sekunde inaingiza jouli 1,000, hivyo unaweza kuusoma muda kama joto moja kwa moja. Tuseme pia kwamba chombo kimefungwa kwa mfuniko unaoweza kupanda mvuke unapoongezeka, hakipotezi joto nje, na kanieneo ndani yake inabaki ile ya kawaida ya hewa usawa wa bahari.

Mstari unaanza kwenye −20 na kupanda. Barafu inahitaji jouli 2,100 kwa kila kilo kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo nusu kilo kupanda nyuzi 20 ni 0.5 × 2,100 × 20, yaani jouli 21,000, sekunde 21. Ukifika sifuri, kipimajoto kinasimama. Hita bado inawaka na joto bado linaingia, lakini halijoto haisogei hata kidogo mpaka kipande cha mwisho cha barafu kiyeyuke. Hapa fomula ya m c ΔT, yaani uzito mara joto la kilo moja kwa nyuzi moja mara tofauti ya halijoto, haina kazi, kwa sababu ΔT ni sifuri na ukiitumia utapata sifuri. Unatumia m L, na L ya kuyeyuka ni jouli 334,000 kwa kilo. Nusu kilo inameza jouli 167,000. Huo ni mstari bapa wa sekunde 167, mrefu karibu mara nane ya ule mpando uliotangulia.

Joto hilo huitwa joto fiche kwa sababu kipimajoto hakilionyeshi. Limetumika kulegeza mvutano unaozishikilia molekuli katika mpangilio wa barafu. Molekuli hazijaongezewa kasi, na halijoto hupima kasi hiyo. Ukilielewa hili huhitaji kukariri kwamba mstari ni bapa, utakuwa unajua sababu.

Kisha maji yanapanda kutoka 0 hadi 100: 0.5 × 4,200 × 100, jouli 210,000, sekunde 210. Angalia mwinamo wa mstari huu. Maji yanataka joto mara mbili ya barafu kwa kila nyuzi, kwa hiyo mstari wake lazima ulale zaidi, nusu ya ukali wa mstari wa barafu. Wanafunzi wengi huchora mipando yote mitatu kwa mwinamo mmoja, na mtahini huliona kosa hilo kabla hajasoma namba hata moja.

Kwenye 100 grafu inalala tena, na hapa ndipo penye joto lenyewe. L ya kugeuka mvuke ni jouli 2,260,000 kwa kilo, karibu mara saba ya ile ya kuyeyuka. Kwa nusu kilo ni jouli 1,130,000, sekunde 1,130, karibu dakika 19. Tofauti ni kubwa hivyo kwa sababu kuyeyusha ni kulegeza tu, molekuli bado zinagusana. Kugeuza mvuke ni kuzitenganisha kabisa, na pia kuisukuma hewa ili mvuke upate nafasi: lita moja ya maji hutoa karibu lita 1,700 za mvuke kwenye nyuzi 100. Mwisho mvuke wenyewe unapanda nyuzi 20 kwa jouli 2,000 kwa kilo kwa kila nyuzi, ambayo ni jouli 20,000 tu.

Sasa jumlisha: 21,000 + 167,000 + 210,000 + 1,130,000 + 20,000 ni jouli 1,548,000. Kati ya hizo, 1,297,000 ziko kwenye sehemu mbili bapa, mahali ambapo kipimajoto hakikusogea. Ndizo nilizoziacha mimi. Ukipata jibu ambalo sehemu ya kuchemka siyo kubwa kuliko nyingine zote zikijumlishwa, katika swali linalokwenda mpaka mvuke wote, rudi ukaangalie. Mara nyingi utakuta umetumia L ya kuyeyuka mahali pa L ya mvuke, au sehemu moja iko kwa kilojouli na nyingine kwa jouli. Na usiongeze 273 kwenye tofauti ya halijoto: nyuzi 20 za tofauti ni 20 zilezile katika kelvini.

Swali gumu zaidi ni lile linalogeuzwa: umepewa joto, unaulizwa limeishia wapi. Chukua barafu ileile na uipe jouli 600,000. Usiandike mlinganyo mmoja mrefu. Tembea juu ya grafu huku unalipa kila sehemu gharama yake. Toa 21,000, zinabaki 579,000. Toa 167,000, zinabaki 412,000. Toa 210,000, zinabaki 202,000. Sehemu inayofuata inadai 1,130,000 na huna, maana yake umesimama katikati ya mstari bapa wa pili. Halijoto ni 100, na kilichogeuka mvuke ni 202,000 ÷ 2,260,000, karibu kilo 0.089. Kilo 0.411 bado ni maji. Atakayelazimisha kutafuta halijoto kwa kugawanya zile 202,000 kwa m c atapata maji ya nyuzi 196, na jibu kama hilo linakuambia kwamba umevuka mpaka wa fomula.

Ukiifanya maabara, usitegemee grafu yenye kona kali kama ya daftarini. Kama barafu haikusagwa na kukorogwa, maji yaliyo karibu na hita yatapanda juu ya sifuri wakati vipande bado vinaelea, na sehemu bapa ya kwanza itaonekana imeinama. Mpando wa maji nao utapinda kadiri unavyokaribia 100, kwa kuwa chombo cha moto hupoteza joto zaidi kwa hewa inayokizunguka. Kama uko mahali pa juu sana kutoka usawa wa bahari, mstari bapa wa pili utakaa chini ya 100: kwenye mita 1,500 maji huchemka karibu na nyuzi 95. Andika ulichokisoma, usikisahihishe kiwe 100. Na mpando wa mwisho, ule wa mvuke, hutaupata kwenye chombo kilicho wazi, kwa sababu mvuke unaondoka kabla hujaupasha. Grafu yako itaishia kwenye mstari bapa, mpaka maji yakauke, na inapaswa kuishia hapo.